Heteroplasmi: Kwa Nini Watoto wa Mama Mmoja Hurithi Viwango Tofauti

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina DNA ya aina mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo kubwa, imo ndani ya kiini cha seli na hurithiwa kwa baba na mama. Ya pili imo ndani ya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyochoma chakula kwa oksijeni na kutoa nishati. DNA hii ya pili ni duara fupi lenye herufi 16,569 na jeni 37 tu, na hurithiwa kwa mama peke yake, kwa kuwa mitokondria chache zinazoingia na mbegu ya baba huharibiwa mapema ndani ya yai lililorutubishwa.

Tofauti kubwa kati ya hizo mbili iko kwenye idadi. Jeni ya kwenye kiini ina nakala mbili katika seli, basi. DNA ya mitokondria ina nakala mamia au maelfu katika kila seli, na yai lililokomaa hubeba mamia ya maelfu. Kosa la herufi moja likitokea, huanza katika nakala moja kati ya hizo zote. Nakala hiyo ikizaana, seli hubaki na mchanganyiko: sehemu ya nakala ni nzima na sehemu ina kasoro. Hali hiyo ya mchanganyiko ndiyo inayoitwa heteroplasmi, na sehemu yenye kasoro, ikihesabiwa kwa asilimia, ndiyo mzigo wa mabadiliko. Kwa hiyo swali la kama mtu anayo kasoro au hana halitoshi katika magonjwa haya. Swali lenye uzito ni anayo kiasi gani, na katika viungo vipi.

Mfano unaojulikana zaidi ni kasoro iandikwayo m.3243A>G, maana yake ni kwamba kwenye nafasi ya 3243 herufi A imegeuka kuwa G. Nafasi hiyo imo ndani ya jeni ya RNA inayobeba asidi amino iitwayo lusini, malighafi mojawapo ya kujengea protini. RNA hiyo ikiharibika, mitokondria hushindwa kutengeneza protini zake kwa ukamilifu, na uzalishaji wa nishati hupungua. Mwaka 1990 watafiti wa Japani waliihusisha kasoro hii na ugonjwa ambao madaktari huuita MELAS, unaoleta mashambulio yanayofanana na kiharusi kwa watu wenye umri mdogo, pamoja na degedege na asidi ya laktiki kuzidi katika damu. Mwaka 1992 herufi ileile ilikutwa katika familia ambazo hazikuwa na kiharusi hata kidogo. Zilikuwa na kisukari na uziwi tu, vikirithiwa upande wa mama. Wapo pia watu wenye kasoro hiyo ambao hawaumwi chochote.

Kosa moja linawezaje kuzaa hali zilizoachana kiasi hicho? Sehemu ya jibu ni kikomo. Seli huvumilia nakala mbovu mradi zile nzima zinatosha kuendesha kazi. Kwa kasoro nyingi za aina hii, uzalishaji wa nishati huanza kuyumba pale mzigo ndani ya seli unapofika mahali fulani kati ya asilimia 60 na 90. Chini ya hapo seli huonekana kama haina neno. Ubongo, moyo, misuli, sikio la ndani na seli za kongosho zinazotoa insulini hula nishati nyingi, kwa hiyo ndizo zinazoanza kulalamika. Na kwa sababu mzigo haulingani kati ya kiungo na kiungo, mtu mmoja anaweza kuwa na misuli iliyokaribia kikomo huku damu yake ikionyesha kiasi kidogo.

Sehemu ya pili ya jibu, nayo ndiyo inayozisumbua familia zaidi, ni kwamba kiwango hakipiti sawasawa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mama mwenye mzigo wa wastani anaweza kuzaa mtoto mwenye mzigo mdogo sana, akafuatiwa na mwingine mwenye mzigo mkubwa wa kuleta ugonjwa mzito. Hapa ndipo lawama zinapozaliwa nyumbani: kwamba mama alikula nini, alifanya kazi gani, au mimba ile alikuwa na huzuni gani. Lawama hizo hazina msingi, na sababu yake iko katika namna mayai yanavyotengenezwa.

Dalili ya kwanza kwamba kuna jambo lisilo la kawaida ilitoka kwa ng'ombe. Mwaka 1982, William Hauswirth na Philip Laipis wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha uchunguzi wa ukoo wa ng'ombe wa maziwa wa Holstein, wote wakiwa wa mama mmoja wa asili. Walitarajia DNA moja ya mitokondria. Wakakuta aina mbili, na badiliko kutoka aina moja hadi nyingine lilikuwa limekamilika ndani ya vizazi vichache. Kwa hesabu ya kawaida, nakala moja mpya kati ya mamia ya maelfu yaliyomo ndani ya yai ingehitaji vizazi vingi mno kuzimeza nyingine zote. Ilibidi kuwe na hatua fulani, kati ya mama na mwana, ambapo idadi ya nakala zinazorithisha inashuka sana. Hatua hiyo inaweza kuitwa mpito mwembamba.

Mpito huo unafahamika vizuri zaidi kwa panya kuliko kwa binadamu, ila mpangilio wake mkuu ni mmoja. Yai likisharutubishwa huanza kugawanyika, lakini DNA ya mitokondria haianzi kuongezeka papo hapo. Seli mbili hugawana nakala zilizokuwamo katika yai, nne hugawana zilezile, nane hivyo hivyo, na kadhalika, mpaka kiinitete kinapokaribia kujishikiza kwenye mji wa mimba. Kila mgawanyiko, fungu la kila seli hupungua kwa karibu nusu. Baadaye kidogo, seli chache za kiinitete hutengwa ziwe mbegu za kizazi kijacho. Kwa panya, seli hizo za mwanzo zimehesabiwa kuwa na nakala zipatazo 200 kila moja. Kutoka 200 hizo, seli huzaana kwa kugawanyika mara kadhaa, huhamia kwenye ovari za kijusi na kuwa mayai machanga. Kisha kila yai hujaza upya nakala zake hadi kufikia tena mamia ya maelfu.

Athari ya jambo hili huonekana mtu akifikiria gunia la maharage lenye punje nyekundu asilimia 40 na nyeupe asilimia 60, zikiwa zimechanganywa vizuri. Akichota punje 200 bila kuangalia, nyekundu zitakuwa karibu 80, lakini si 80 kamili kila mara. Mara nyingi zitaangukia kati ya 73 na 87, yaani asilimia 40 ikipanda au kushuka kwa pointi tatu na nusu hivi. Tofauti hiyo ni ndogo, na peke yake haiwezi kueleza ndugu wawili walioachana sana. Lakini kuchota hakufanyiki mara moja. Seli zenye nakala 200 zinapogawanyika, kila seli mpya hupokea fungu kwa bahati, huliongeza, kisha hugawanyika tena, na kila safari huanzia mahali ambapo safari iliyotangulia iliishia. Fungu lililokwisha kuegemea upande wa nyekundu halina kinachoirudisha kwenye asilimia 40. Likipita katika uchotaji wa namna hiyo mara 15 mfululizo, upana wa tofauti hufikia pointi 13 kila upande: theluthi mbili hivi za mayai zitakuwa kati ya asilimia 27 na 53, na yale ya pembeni yatafika hata 14 au 66.

Hesabu hiyo ya nakala 200 katika raundi 15 inafuata kazi iliyochapishwa mwaka 1996 na kundi la Eric Shoubridge huko Montreal, Kanada. Walizalisha panya waliochanganyiwa DNA ya mitokondria ya aina mbili, kisha wakapima kiwango katika seli za hatua mbalimbali za ukuaji. Waligundua kwamba sehemu kubwa ya tofauti ilikuwa imekwisha kutokea mayai yalipokuwa bado machanga kabisa. Hapa msomaji anapaswa kuwa mwangalifu na tarakimu zinazotajwa katika maandishi ya fani hii. Uchotaji wa 200 uliorudiwa mara 15 huleta tofauti sawa na uchotaji mmoja wa punje 14 hivi. Kwa hiyo mtafiti mmoja anaweza kuandika 200 na mwingine akaandika tarakimu ndogo sana, na wote wakawa wanaeleza tofauti ileile. Mmoja anahesabu nakala zilizomo kwenye seli, na mwenzake anauliza ni uchotaji mmoja wa punje ngapi ungeleta matokeo yaliyoonekana. Kwa binadamu, uchunguzi wa mwaka 2014 uliohusu jozi 39 za mama na mtoto ulikadiria idadi ya aina hii ya pili kuwa kati ya 30 na 35.

Kuna mabishano ambayo hayajaisha kuhusu mahali hasa tofauti inapozaliwa. Wengine huona kwamba upungufu wa nakala katika seli za mwanzo unatosha kuieleza. Wengine husema nakala hukaa katika vifundo na kurithiwa kwa kifundo kizima, kwa hiyo kinachochotwa kwa kweli ni vifundo, ambavyo ni vichache kuliko nakala. Wengine tena wameonyesha kwa panya kwamba tofauti huongezeka baadaye, yai linapokua ndani ya ovari na baadhi tu ya nakala zikachaguliwa kuzaana. Maelezo hayo hayapingani kabisa, na yanaelekea kuwa yote yana sehemu yake.

Jambo moja halibishaniwi: mwanamke huzaliwa akiwa na mayai yake machanga tayari. Mpito mwembamba wa seli za mwanzo ulifanyika wakati yeye mwenyewe alikuwa kiinitete tumboni mwa mama yake. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya tofauti kati ya mtoto wa kwanza na wa pili ilikwisha kupangwa ndani ya mji wa mimba wa bibi yao, miaka mingi kabla ya mimba zao kutungwa. Chakula cha mama, kazi zake na hofu zake wakati wa ujauzito havikuwa na nafasi ya kuamua ni yai lipi lilipata fungu lipi.

Ushahidi wa moja kwa moja kwa binadamu ulipatikana mwaka 2001, watafiti wa Newcastle, Uingereza, walipochunguza mayai machanga 82 ya mwanamke mmoja mwenye m.3243A>G. Msuli wake wa paja ulikuwa na mzigo wa asilimia 18, na chembe nyeupe za damu asilimia 7. Kila yai lilipimwa peke yake. Wastani ulikuwa karibu asilimia 13, lakini mayai yenyewe yalitawanyika kutoka yale yasiyo na kasoro yoyote iliyopimika hadi yale yaliyokaribia nusu ya nakala zote. Mtawanyiko huo ulilingana na ule unaotarajiwa kwa bahati tupu. Mayai hayo yalikaa katika mwili mmoja na kulishwa na damu moja, na bado yoyote kati yao lingeweza kuzaa mtoto mwenye hatima yake tofauti.

Kasoro nyingine hutawanyika kwa ukali zaidi. Kwa m.8993T>G, ambayo kwa viwango vya juu huleta ugonjwa wa Leigh unaoharibu ubongo wa mtoto mchanga, mayai saba ya mwanamke mmoja yaliwahi kupimwa mwaka 1997. Moja halikuwa na kasoro, na sita yaliyobaki yalikuwa na zaidi ya asilimia 95, bila lolote la katikati. Ndiyo maana hakuna kanuni moja ya kukadiria hatari kwa kasoro zote, na ushauri wa daktari lazima uanze na jina kamili la kasoro.

Kabla ya kusema kwamba ndugu wametofautiana, ni lazima kwanza kujua kwamba vipimo vyao vinalinganishika, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Maabara huitambua m.3243A>G kwa njia kadhaa. Moja ya zamani, rahisi kuelewa, hutumia kimeng'enya kiitwacho ApaI kinachokata DNA pale tu kinapokuta mfuatano wa herufi GGGCCC. Badiliko la A kuwa G huunda mfuatano huo, kwa hiyo nakala mbovu hukatwa na nzima hubaki ndefu, kisha maabara hulinganisha wingi wa vipande na wingi wa zile ndefu. Mbinu ya kawaida ya kusoma herufi moja moja mara nyingi hushindwa kuona mzigo ulio chini ya asilimia 15 au 20. Jibu la «hakuna» kutoka mbinu hiyo halimaanishi kwamba hakuna.

Tatizo kubwa zaidi ni damu yenyewe. Seli za damu hutengenezwa upya maisha yote, na zile zenye mzigo mkubwa wa m.3243A>G huachwa nyuma hatua kwa hatua. Kipimo cha damu hushuka kadiri umri unavyosonga, ingawa misuli haishuki hivyo. Watafiti wa Newcastle walipendekeza mwaka 2018 kanuni ya kurekebisha umri:

kiwango kilichorekebishwa = kiwango cha damu ÷ 0.977^(umri + 12)

Familia ya kubuni itaonyesha maana yake. Mama ana miaka 45, kisukari na usikivu hafifu. Damu yake inaonyesha asilimia 10. Binti wa miaka 15 ana asilimia 25. Kijana wa miaka 20 ana asilimia 9. Kwa macho, binti amerithi mara mbili na nusu ya mama yake, na kijana amefanana na mama. Baada ya kurekebisha, mama anafika karibu asilimia 38, binti 47 na kijana 19. Picha imegeuka. Binti amezidi mama kwa kiasi kinachotarajiwa kwa bahati ya kawaida, na aliyeachana zaidi na mama ni kijana, aliyepata nusu tu. Yeyote ambaye angesoma tarakimu za mwanzo bila kuuliza umri angemtisha binti kupita kiasi na kumweleza kijana vibaya.

Ndiyo sababu kliniki nyingi hupenda kupima pia mkojo, ambao hubeba seli zilizobanduka kutoka njia ya mkojo na hausukumwi chini na umri kwa nguvu kama damu. Msuli hutoa picha nzuri zaidi, ila kuupata kunahitaji kukata kipande, na si kila familia hukubali, hasa kwa mtoto ambaye haumwi. Hata kwa kipimo bora, asilimia 47 ya binti haitabiri tarehe ya ugonjwa wala aina yake. Jeni za kwenye kiini nazo zina mkono wake, na watu wenye mzigo unaolingana huweza kuishi maisha tofauti kabisa. Kinachofaa kwa binti huyo ni kuangaliwa sukari, masikio na moyo kwa vipindi vinavyojulikana. Kijana naye asisahauliwe, ingawa kwake kuna habari moja iliyo nyepesi: watoto wake hawatarithi kasoro hiyo kwake.

Binti atakapotaka kuzaa, mpito mwembamba utarudi tena, na safari hii uchotaji utakuwa umekwisha kufanyika ndani ya mayai yake. Katika nchi zenye huduma hiyo, mimba inaweza kutungwa kwenye maabara na seli chache za kila kiinitete kupimwa, kisha kinachopandikizwa kikawa chenye mzigo wa chini. Njia hii hufaa pale ambapo baadhi ya mayai kweli yana mzigo mdogo, kama yalivyokuwa mengi ya yale 82. Haimsaidii mwanamke ambaye mayai yake yote yamejaa kasoro.

Kwa wanawake wa namna hiyo Uingereza iliruhusu kwa sheria mwaka 2015 njia nyingine: viini vya yai lililorutubishwa huhamishiwa katika yai la mwanamke mwingine lililorutubishwa na kuondolewa viini vyake, ili mtoto apate DNA ya kiini ya wazazi wake na mitokondria za mfadhili. Mwaka 2025 kituo cha Newcastle kilitoa taarifa ya watoto wanane waliozaliwa hivyo. Kwa baadhi yao kasoro ya mama haikuonekana kabisa kwenye vipimo, na kwa wengine ilikuwepo kwa kiwango kilichofika hadi asilimia 16, kwa sababu viini vinapohamishwa huchukua pamoja navyo mitokondria chache zinazovizunguka. Asilimia 16 iko mbali chini ya kikomo cha ugonjwa. Lakini kwa mtoto wa kike, kiasi hicho hugawanywa upya ndani ya mayai yake yanapotengenezwa, na baadhi ya mayai hayo huweza kupata zaidi ya alichonacho yeye mwenyewe. Watoto hao wanaendelea kufuatiliwa na madaktari wanavyokua.